Mwenye nyumba anasema dimbwi litakauka lenyewe: nimwambieje?

SWALI: Nimepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule huku Nkuhungu, Dodoma. Nyuma ya nyumba kuna shimo walilochimba udongo wa tofali wakati wa ujenzi. Tangu mvua zianze Desemba limejaa maji, na pembeni majani yamefika kiunoni. Usiku hatulali kwa mbu, na mwanangu wa miaka minne ameshapata homa mara mbili. Mwenye nyumba anaishi Dar. Nikimpigia ananiambia majani nifyeke mwenyewe, na maji yatakauka mvua zikikata. Nimeshalipa kodi ya miezi sita. Nina haki ya kumdai nini, na nimwambieje anielewe? (Mama wa watoto wawili, Nkuhungu)

JIBU: Dada yangu, kabla hujampigia tena, yaweke majani pembeni kwanza. Najua ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayotisha, maana hata nyoka hukaa humo. Lakini ukianza na majani unampa mwenye nyumba jibu jepesi, nalo ameshakupa: chukua fyekeo. Mbu hatagi kwenye majani, anataga kwenye maji. Majani ni kivuli chake cha mchana, anajificha jua na upepo mpaka giza liingie.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbu wa malaria, yaani Anofelesi wa maeneo yetu, hupenda maji yaliyo wazi yanayopigwa na jua: dimbwi la mvua, alama za kwato, shimo la tofali kama hilo lako. Ukifyeka majani yote ukaliacha dimbwi, unaweza ukawa umemsafishia mahali pa kutagia. Kwa hiyo mpangilio wa madai yako uwe hivi: maji kwanza, majani baadaye. Majani yakifyekwa baada ya shimo kufukiwa, kazi inakuwa na maana.

Sasa hili la "yatakauka yenyewe". Ndilo jibu linalotolewa Dodoma kila masika, na linaonekana la busara kwa sababu mkoa wetu ni mkavu kweli. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katikati yake mvua hukatika kwa wiki moja au mbili kisha ikarudi. Tatizo ni kwamba mbu hahitaji msimu mzima. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi 14, na kwa joto la hapa siku 10 hivi zinatosha. Shimo lenye maji ya kufika gotini halikauki kwa siku 10. Mvua ikikatika katikati ya msimu maji yanapungua, yanatulia, yanapata joto, na mbu wanakua vizuri zaidi kuliko wakati mvua kubwa inapiga na kuvuruga uso wa maji. Halafu mvua inarudi, shimo linajaa upya kabla halijakauka. Mpaka Aprili iishe, vizazi kadhaa vimetoka hapo. Kwa hiyo anaposema yatakauka, anasema kweli, ila yatakauka baada ya mbu kumaliza kazi.

Hata hivyo usimwambie hivyo kwa maneno matupu. Mwonyeshe. Chukua bakuli jeupe au upawa mweupe, nenda asubuhi jua likiwa limetoka, simama ili kivuli chako kisianguke kwenye maji, maana viluwiluwi wa mbu wakiona kivuli wanazama. Chota taratibu pembeni mwa shimo, penye majani yaliyolala majini, si katikati. Subiri dakika moja mpaka maji yatulie kwenye bakuli. Utaona vijidudu vyembamba kama uzi vinavyojinyonganyonga, na vingine vyenye umbo la mkato, vimejikunja. Hivyo vilivyojikunja ndivyo vilivyo karibu kutoka na kuruka, vimebakiza siku moja au mbili.

Waangalie wanavyokaa wanapopumua. Wakilala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, hao ni Anofelesi, mbu wa malaria. Wakining'inia kichwa chini, mkia juu, hao ni Kuleksi au Aedesi. Rudia kuchota sehemu kumi tofauti kuzunguka shimo na uandike bakuli ngapi zilikuwa na viluwiluwi. Piga video fupi, bakuli ionekane na shimo lionekane nyuma yake. Video hiyo ina nguvu kuliko malalamiko ya miezi mitatu, kwa sababu mtu aliye Dar hajaliona shimo lake tangu mafundi waondoke.

Ukimaliza shimo, usirudi ndani bado. Nenda kwenye chemba ya maji taka na choo. Nasema hivi kwa sababu umeniambia usiku hamlali kwa mbu, na mbu wanaokera usiku mijini mara nyingi siyo wa malaria. Ni Kuleksi, na yeye hupenda maji machafu: karo lililopasuka mfuniko, bomba la hewa lisilo na wavu, mfereji ulioziba wenye maji meusi. Dimbwi safi la mvua linaweza kufukiwa na bado mkalia usiku, kisha mwenye nyumba akakwambia, "Si nilikwambia?" Jioni jua likizama, simama karibu na mfuniko wa chemba kwa dakika tano. Ukiona mbu wanatoka kwenye ufa au kwenye mdomo wa bomba la hewa, umepata chanzo cha pili. Tiba yake ni ndogo: saruji kidogo kuziba ufa, na kipande cha wavu wa dirishani kilichofungwa kwa waya kwenye bomba. Iingize kwenye madai yako sasa hivi, usisubiri kurudi mara ya pili.

Na kagua vya kwako kwa uaminifu. Ndoo, tairi la zamani, makopo, sahani za maua, pipa la akiba ya maji lisilofunikwa: humo anataga Aedesi, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji, kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi, sugua kuta za pipa kwa brashi. Kama umepanda mahindi kando ya shimo, ujue pia kwamba chavua ya mahindi ikidondoka majini ni chakula kizuri cha viluwiluwi wa Anofelesi. Haya ni ya mpangaji. Ukiyamaliza kabla ya kudai, mwenye nyumba hatapata pa kukushika.

Kuhusu homa ya mtoto, mpeleke kituo cha afya akapimwe damu kila homa inapokuja, usimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na homa ya mtoto inaweza kuwa ya kifua, ya mkojo au dengi. Kama majibu yalisema ni malaria, tunza karatasi, lakini usijenge madai yako juu yake. Mbu huruka hata zaidi ya kilomita moja, na akishanyonya vimelea kwa mgonjwa hupita siku 10 au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbu aliyemuuma mwanao alitoka kwenye shimo hilo, na mwenye nyumba akikuuliza swali hilo utakwama. Dai lako liwe juu ya kinachoonekana: kuna shimo ndani ya kiwanja chake, lina maji, maji yana viluwiluwi.

Hapa ndipo haki yako inapokaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaweka wajibu wa mwenye nyumba hata kama mkataba wenu haukuuandika: nyumba ya kuishi anayoipangisha iwe inafaa kukaliwa na binadamu, tangu siku ya kwanza na kwa muda wote wa upangaji. Ila soma mkataba wako vizuri. Kama uliandikiwa kwamba mpangaji atatunza mazingira ya nje, majani yatakuwa yako. Shimo halitakuwa lako, kwa sababu halikutokana na matumizi yako, lilichimbwa wakati wa ujenzi. Pia kuna Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2009, ambayo chini yake afisa afya anaweza kumpa mmiliki ilani ya kuondoa kero kwenye kiwanja chake. Hii ya pili ndiyo itakayokusaidia upesi, nitairudia.

Kwanza jua unachoomba, kwa sababu "naomba ushughulikie maji" siyo ombi, ni malalamiko. Pima shimo. Hata kwa hatua za miguu inatosha, lakini kwa futi kamba ni vizuri zaidi. Tuseme umekuta mita 4 kwa 3, na kina cha wastani sentimita 40 ukilinganisha na ardhi ya pembeni. Zidisha: 4 mara 3 mara 0.4, unapata mita za ujazo 4.8. Kifusi kikishindiliwa hunywea, kwa hiyo ongeza robo, unafika mita za ujazo 6. Sasa muulize dereva wa Kanta au Fuso wa kijiweni kwenu bodi lake linabeba mita ngapi za ujazo, gawanya, utajua ni tripu ngapi. Uliza bei ya tripu pamoja na vibarua wa kusambaza na kushindilia. Mwenye nyumba akisikia jumla yenye hesabu, anaona kazi ya siku moja. Akisikia "mazingira ni mabaya", anaona mzigo usio na mwisho.

Usikubali akikwambia fundi amependekeza kuchimba shimo la kunyonyea maji pembeni, mpaka ujaribu udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 mahali pakavu, kijaze maji, uone. Kama kesho yake asubuhi maji bado yapo, udongo wenu ni wa mfinyanzi na shimo la kunyonyea litakuwa dimbwi la pili. Mfereji unawezekana kama kuna mahali pa chini pa kuyatolea maji, na uwe na mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita. Kwa mfereji wa mita 15, mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 15 angalau. Fundi atapima kwa mpira wenye maji. Mfereji wenye mteremko mdogo unatuama, na usiishie kwa jirani wala katikati ya barabara, utakuwa umehamisha ugomvi. Kwa maelezo yako, shimo la tofali dawa yake ni kulifukia.

Ujumbe wenyewe uandike, usipige simu tu. Simu haina kumbukumbu. Ungeweza kumtumia hivi kwa Wasapu, pamoja na video:

"Shikamoo Mzee. Natumaini hamjambo huko Dar. Naomba nikuoneshe hali ya uani. Hilo shimo la tofali nyuma ya nyumba lina maji tangu Desemba. Leo asubuhi nimechota mara kumi, mara saba nimekuta viluwiluwi wa mbu, video hii hapa. Pia mfuniko wa chemba una ufa, na bomba la hewa halina wavu, mbu wanatoka hapo jioni. Nimepima shimo, ni mita 4 kwa 3, linahitaji mita za ujazo 6 za kifusi. Dereva wa hapa kwetu ametaja bei hii, na vibarua bei hii. Makopo na ndoo zangu nimeshaondoa, na majani nipo tayari kugharamia kufyeka shimo likishafukiwa. Naomba kazi hii ifanyike kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Kama uko mbali, niruhusu nisimamie, fedha umtumie fundi mwenyewe, au tukubaliane kwa maandishi ikatwe kwenye kodi ijayo. Nasubiri jibu lako, Mzee."

Namba zibadilishe ziwe zako halisi. Angalia ujumbe huo unavyokwenda. Una heshima, hauna tishio, na umempa njia tatu za kukubali. Umejitolea majani, ambayo ni nafuu, ili upate shimo, ambalo ni la maana. Wenye nyumba wengi wanaokaa mbali hawakatai kwa ubaya, wanaogopa kwamba fedha itatumwa na kazi haitaonekana. Ndiyo maana nimeweka fedha iende kwa fundi. Mtumie picha za shimo kabla, katikati na baada.

Kuhusu kukata kwenye kodi, usifanye bila jibu lake la maandishi. Umeshalipa miezi sita, kwa hiyo makato yatakuwa kwenye kodi inayofuata, na mpaka siku hiyo ifike mtu anaweza kusahau alichosema kwenye simu. "Sawa, fanya tutakata" kwenye ujumbe inatosha kama kiasi kimetajwa. Tunza risiti ya kifusi na ya vibarua.

Siku uliyomwekea ikipita bila jibu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiende kushtaki, nenda kuomba ampigie. Simu ya mwenyekiti hupokelewa tofauti na simu ya mpangaji, hasa kwa mtu mwenye kiwanja mtaani hapo. Isiposaidia, nenda ofisi ya kata umwone mtendaji na umuulize afisa afya wa kata. Peleka vitu vitatu tu: video, ujumbe uliomtumia na tarehe yake, na mawasiliano ya mwenye nyumba. Omba aje kukagua. Akija, mwonyeshe shimo na chemba, mwachie bakuli achote mwenyewe. Akiridhika atamwandikia mmiliki ilani yenye muda wa kuondoa kero, na kutotii ilani hiyo ni kosa. Muulize pia kama kata au halmashauri ina dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa kwenye kiwanda cha Kibaha. Dawa hiyo ina bakteria wanaoua viluwiluwi na haidhuru watu, kuku wala samaki. Inahitaji kurudiwa, kwa kawaida kila wiki hivi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mvua kubwa ikinyesha huichanganya na kuipunguza nguvu. Ni ya kushikilia hali mpaka kifusi kije, haichukui nafasi ya kifusi.

Baraza la ardhi liache kwa sasa. Shauri huchukua muda kuliko msimu wa mvua wenyewe, na wewe unachotaka ni shimo lifukiwe mwezi huu.

Jambo moja nakuomba usilifanye wakati unasubiri: usimwage oili chafu ya gari shimoni. Najua majirani watakushauri, na ni kweli utando wa mafuta huwaziba pumzi viluwiluwi. Lakini oili hiyo inabaki kwenye udongo, kuku wanaikanyaga, watoto wanaigusa, na mvua ikijaza shimo inasambaa uani na kuelekea kisima cha jirani. Kulichota maji kwa ndoo nako kutakuchosha bure. Shimo la vipimo nilivyotaja likiwa na maji ya sentimita 30 tu lina lita 3,600, yaani ndoo 180 za lita 20, na mvua moja ya usiku inaweza kulirudisha. Ukipata pampu ya kuazima ni sawa, ila maji uyamwage kwenye ardhi kavu inayonyonya, siyo mferejini, ili viluwiluwi wafe kwa kukosa maji. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, na madirisha ya chumba chao yakaguliwe wavu kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kifusi kikifika, simamia mambo mawili. Maji yatolewe kwanza, maana udongo ukimwagwa juu ya maji hugeuka tope, unaonekana umejaa lakini ndani ni laini. Halafu wajaze kwa tabaka za sentimita 20 hivi na kushindilia kila tabaka, wamalize juu kidogo kuliko ardhi ya pembeni, kama mgongo wa tuta, ili maji ya mvua yateremke kando. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka asubuhi uangalie. Pakibonyea na kushika maji zaidi ya siku tatu, ongeza toroli chache hapo hapo wakati vibarua bado unawafahamu. Kisha ndiyo uchukue fyekeo: fyeka kuanzia ukutani kwenda nje, na majani yaliyokatwa yaondolewe kabisa, yasirundikwe kwenye mfereji wala nyuma ya choo, kwa sababu yakiziba njia ya maji umetengeneza dimbwi jipya.